Mikopo Minne, Simu Moja: Namna ya Kuipa Apu ya Madeni Hesabu Sahihi

Tumchukue mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na kivuko cha Likoni. Ni mfano tu, lakini wenzake wako Kisauni na Changamwe pia. Simu yake ina mikopo minne. Fuliza anadaiwa shilingi 2,000. Mkopo wa apu moja ya kukopesha ulikuwa 3,000, na pamoja na ada ya 450 anatakiwa kulipa 3,450, na kati ya siku 30 zake zimebaki 14. M-Shwari alikopa 4,000, sasa ni 4,360, na zimebaki siku 25. Hazina ya Hasla anadaiwa 1,500, na siku ya mwisho ni ya kumi kuanzia leo. Kila jioni, baada ya kutoa unga, mafuta, makaa na chakula cha nyumbani, hubaki na shilingi 400 za kulipa madeni.

Ziko apu za kupanga malipo zinazopatikana bure kwenye simu, mojawapo ikiitwa Debt Payoff Planner. Kazi yake si kukopesha. Unaandika kila deni, salio lake, riba yake kwa mwaka na kiasi unachoweza kulipa, nayo inakupangia ulipe lipi kwanza. Kwa kawaida utaulizwa uchague njia: Snowball, yaani kuanza na deni dogo, au Avalanche, yaani kuanza na lenye riba kubwa. Njia ya kwanza humpa mtu moyo kwa kuona deni limefutika mapema. Ya pili huokoa pesa. Kwa mikopo ya simu, sisi tunapendekeza ya pili, na sababu utaiona hapa chini.

Tatizo ni kwamba apu hizi zilitengenezwa kwa watu wenye mikopo ya riba ya mwaka. Mikopo yetu mingi haisemi hivyo. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hukata asilimia 1 unapoichukua, kisha tozo ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, hukata ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na ukiongeza ushuru wa serikali juu ya ada hiyo inafika asilimia 9. Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 2022, ndiyo pekee katika hii minne inayotaja riba kwa mwaka: asilimia 8.

Sasa mama wetu akiandika namba kama anavyoziona, yaani Fuliza 1, apu ya mkopo 15, M-Shwari 7.5 na Hasla 8, programu itamwambia alipe apu ya mkopo, kisha Hasla, kisha M-Shwari, na Fuliza iwe ya mwisho. Apu haijakosea kujumlisha. Imepewa namba za siku, za mwezi na za mwaka kana kwamba ni kitu kimoja.

Dawa ni kugeuza kila kitu kiwe cha mwaka kabla ya kuandika. Ada ya siku 30 izidishe mara 12. M-Shwari, 9 mara 12, ni asilimia 108. Mkopo wa apu, ambao ada yake ya 450 ni asilimia 15 ya 3,000, ni 180. Kwa Fuliza, piga *234# uone tozo unayokatwa kwa siku. Tuseme kwa mama huyu ni shilingi 20. Hiyo ni asilimia 1 ya 2,000 kila siku, na mara siku 365 inakuwa asilimia 365 kwa mwaka. Hasla inabaki 8. Akiandika hivyo, mpangilio unageuka: Fuliza, apu ya mkopo, M-Shwari, halafu Hasla. Ukiona programu yako imeiweka Hasla juu ya Fuliza, usilipe chochote bado. Rudi ukaangalie namba zako.

Tufuate jioni zake. Shilingi 400 kwa siku zinamaliza Fuliza siku ya sita, hata tukichukulia kwamba tozo haishuki: 2,000 na tozo za siku sita, 120, ni 2,120, na amelipa 2,400. Zinabaki 280. Siku nane zinazofuata zinaleta 3,200, jumla 3,480, kwa hiyo siku ya 14 mkopo wa apu unalipwa wote na zinabaki shilingi 30. Siku 11 nyingine zinaleta 4,400, na siku ya 25 M-Shwari inaisha kabla haijasogezwa mbele na kukatwa ada ya pili. Siku ya 29 amemaliza na Hasla.

Angefuata ule mpangilio wa kwanza, Fuliza ingesubiri mpaka siku ya 24 huku ikila shilingi 20 kila siku, yaani 480 badala ya 120. Na kwa kweli hangeweza kuufuata. Pesa yoyote inayoingia M-Pesa huchukuliwa na Fuliza kwanza, hata kama ulikusudia kulipia deni jingine. Jambo hilo programu haijui.

Msomaji ameshaona kwamba Hasla imechelewa siku 19. Hatumwambii mtu apuuze fedha za umma. Baada ya siku 14 riba yake hupanda hadi asilimia 9.5 kwa mwaka, na hutaweza kukopa tena mpaka ulipe. Lakini kwa 1,500, siku 19 hizo ni kama shilingi saba na nusu. Kama ana ndugu wa kumkopesha 1,500 bila riba, ailipe kwa wakati. Kama hana, kuchelewesha Hasla ni nafuu kuliko kuchelewesha mkopo wa apu.

Kuna kosa jingine linalojificha. Programu huhesabu riba ikiongezeka kidogo kidogo kila siku, lakini ada ya M-Shwari ilishakatwa siku ya kwanza. Salio la 4,360 litakaa palepale, kisha litaruka siku 30 zikiisha. Kulipa siku kumi mapema hakupunguzi senti, na ndiyo maana pesa yake iende kwanza kwenye Fuliza, ambayo kila siku unayoipunguza inaokoa. Kwa hiyo usiiamini tarehe ya programu peke yake. Mara moja kwa wiki, soma salio halisi la kila mkopo kwenye simu na ulirekebishe. Wasio na simu ya kisasa wanaweza kufanya hesabu hiyohiyo kwenye daftari.

Ukipakua programu ya kupanga madeni, haihitaji kusoma meseji zako wala majina ya watu kwenye simu yako. Ikiomba hayo, au ikianza kukupa mkopo, ifute. Tangu kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, anayekopesha kwa simu anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na haruhusiwi kuwapigia jamaa zako kukuaibisha.

Mama wetu akimaliza Fuliza siku ya sita, arudi *234# na ajiondoe, kwa sababu kila anapoichukua tena hukatwa ile asilimia 1 upya, na siku 14 zake za mkopo wa apu zinaendelea kuhesabiwa.