Salfa Inapoanguka Chini ya Mkorosho

Ndugu mkulima wa Newala na Masasi, salfa imeokoa korosho zetu dhidi ya ubwiriunga, na kijitabu hiki hakikuambii uiache. Kinaeleza inakokwenda ikishapulizwa.

Vumbi hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande. Hata hivyo, sehemu kubwa hudondoka chini. Huko bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi. Mvua zikija, asidi hiyo huzama ikiondoka na kalsiamu na magnesiamu, yaani chakula cha mimea. Mchanga wa uwanda wa Makonde una mfinyanzi na mboji kidogo, hivyo hauna cha kuizuia. Udongo mzito wa mabondeni hustahimili muda mrefu zaidi.

Chukua ekari yenye mikorosho 28, iliyopandwa mita 12 kwa 12. Ukipuliza robo kilo kwa mti kila mzunguko, mizunguko mitano kwa msimu, umetumia kilo 35. Asidi yote inayoweza kutokana nazo huhitaji takribani kilo 110 za chokaa ya kilimo kuitengua. Nani kati yetu hununua chokaa kila mwaka?

Mkorosho wenyewe huvumilia uchachu, ndiyo maana mavuno hayakuonyi mapema. Tazama mazao ya chini yake. Karanga zikitoa maganda matupu na mahindi yakidumaa ilhali muhogo unastawi, shuku uchachu, ingawa kivuli na uchovu wa shamba huleta dalili kama hizo. Jibu la hakika ni kipimo. Chimba sentimita 20 sehemu kadhaa chini ya matawi, changanya udongo huo. Fanya vivyo hivyo mbali na miti, kila fungu mfuko wake. Mpe afisa ugani apeleke maabara. pH ikiwa chini ya 5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuunguza mizizi michanga.

Ili uchachu usizidi, punguza salfa. Pogolea ili hewa ipite, ondoa machipukizi ya ndani yanayohifadhi ugonjwa, kagua maua kabla ya kila mzunguko, na badilishana na viuatilifu vya maji vilivyoidhinishwa.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa maabara. Shamba likichacha, au mikorosho ikifunga kivuli, mtama na njugumawe za wazee huachwa, ukabaki muhogo. Mbegu ya njugumawe iliyokaa ghalani misimu kadhaa haioti. Tenga kipande nje ya kivuli, upande vumbi lisikopeperukia, uipande kila mwaka. Ukivuna, gawa kibaba kwa jirani, ili kwako ikikosa msimu mmoja upate pa kuiomba.