Wanafunzi 84, Vitabu 7

SWALI: Mimi ni mwalimu karibu na Sondu. Darasa langu lina wanafunzi 84 na vitabu 7 vya hesabu. Nitawashughulishaje wote?

JIBU: Mwalimu mpendwa, tuchukue somo la ujazo la dakika 35. Wagawe katika makundi 14 ya watoto sita sita, kila mtoto na nambari yake. Baada ya dakika 5 za maelezo, makundi 7 yashike kitabu kimoja kimoja, na 7 mengine yatoke nje, chini ya mti, na gorogoro, kikombe na mchanga, wapate kujua ni vikombe vingapi vinavyoijaza. Dakika 12 zikipita, wabadilishane.

Watoto wa kitabu waketi upande mmoja wa dawati, kwani anayekaa mkabala huyaona maandishi kichwa chini, naye hukata tamaa upesi. Msomaji abadilike kila swali. Huko nje majibu yatahitilafiana, nawe usiyasahihishe kwa haraka, maana wengine watakuwa wamepima mfuto na wengine kwa kilele, jambo wanaloliona kila siku ya soko la Sondu, na hoja hiyo ndiyo kiini cha somo.

Dakika 6 za mwisho taja nambari, tuseme 4, na kila mwenye nambari hiyo aeleze jibu la kundi lake. Akibabaika, fahamu kwamba huenda mmoja tu ndiye aliyefanya kazi. Kesho makundi ya namna hiyo yagawe watu watatu watatu. Leo kila kundi likiandika majibu yake kwenye karatasi moja, utasahihisha karatasi 14, si madaftari 84.