Dondoo muhimu: Video ya chanjo kwa mzazi mwenye wasiwasi

Anza na swali la mama kwa maneno yake: "Mwanangu alichemka usiku kucha baada ya sindano ya wiki ya 6. Nimrudishe tena wiki ya 10?" Usiliite uvumi. Homa aliiona kweli, na ukiikana hatakusikiliza tena.

Amjibu muuguzi akiwa ameketi naye, si daktari anayenyoosha kidole kwenye kamera: "Pole, mama. Ndiyo, mrudishe. Homa hiyo huja siku ya kwanza au ya pili, kwa sababu mwili unajifunza kupambana na ugonjwa. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvalishe nguo nyepesi. Akipata degedege, akikataa kunyonya, au homa ikizidi siku mbili, mlete mara moja." Kwa chanjo ya surua sema tofauti: homa yake huchelewa, mara nyingi wiki moja hivi baada ya sindano. Ukiahidi homa itakuja "kesho tu", atashtuka ikichelewa.

Kabla ya kuisambaza video, waonyeshe kina mama watatu, kisha uliza: "Nyumbani utamwambiaje mama mkwe?" Wakijibu "tumekaripiwa", andika upya.