Mgeni Akijibu "Ndiyo" Tu, Utauliza Nini?

Mdogo wetu mmoja wa Unguja anatengeneza video fupi za kina mama wanaolima mwani kule Paje. Ananiuliza: "Dada, mama ninayepiga naye soga vizuri kabisa, kamera ikiwashwa anajibu ndiyo, hapana, tunamshukuru Mungu. Maswali yangu yote yanakwisha ndani ya dakika nne. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, mama huyo hana tatizo. Nimeyasoma maswali uliyonitumia, na mengi yanajibika kwa neno moja. "Je, kazi ya mwani ni ngumu?" Atakujibu nini zaidi ya "ngumu"? Mtu aliyezoea kamera angejiongeza mwenyewe. Asiyezoea hujibu kile alichoulizwa, kisha husubiri. Kwa hiyo kazi ya kumfungua mdomo inaanzia kwenye karatasi yako.

Kwanza, geuza maswali yawe maombi ya kusimuliwa. Badala ya "Unaenda shambani saa ngapi?" andika: "Nisimulie siku ya bamvua, tangu unapotoka nyumbani mpaka unaporudi." Hapo hawezi kukujibu kwa neno moja. Na kuna faida nyingine: sauti yako ukiikata wakati wa kuhariri, maneno yake yatasimama yenyewe. "Saa tatu" peke yake haina maana kwa mtazamaji. Wengine humwagiza mgeni arudie swali ndani ya jibu, lakini kwa mtu mwenye woga hilo ni mzigo juu ya mzigo. Acha swali lenyewe limwongoze.

Pili, punguza maswali. Kwa video ya dakika tano, sita yanatosha, ila kila moja liwe na maswali mawili ya nyongeza chini yake. Nyongeza hizo utazipata kwa kukisia jibu fupi atakalolitoa. Tazama hili:

Swali: Nisimulie mara ya mwisho mwani wako ulipoharibika.
Akisema, "Aa, uliharibika tu, ndiyo kazi yetu":
Nyongeza ya 1: Ulipofika shambani siku ile, uliona nini kwenye kamba?
(Nyamaza. Hesabu moja mpaka nne kimoyomoyo.)
Nyongeza ya 2: Ukafanya nini na ule uliobaki?

Unaona nyongeza ya kwanza inavyomrudisha pale majini? Sasa atakwambia mwani uligeuka mweupe, ukalainika, ukawa unakatika mkononi. Hayo ndiyo uliyoyafuata. Ungeuliza "Ulijisikiaje?" angesema "vibaya", basi. Muulize alichokiona na alichokifanya. Uchungu wenyewe utatoka humo humo.

Na kule kunyamaza kuandike kabisa kwenye skripti, maana ukiwa na hofu utakimbilia swali linalofuata. Mgeni akimaliza sentensi, mtazame tu kwa utulivu. Mara nyingi ataongeza jambo, na hilo la kuongeza ndilo huwa zito.

Tatu, mpangilio. Swali la kwanza liwe la mikono yake: "Nionyeshe unavyofunga mche kwenye kamba." Mwache afunge huku akieleza. Mikono ikiwa na kazi, mtu husahau kamera. Bei na wanunuzi viweke katikati, akishachangamka. Hapo pia jihadhari na majibu ya mikutanoni. Akisema "changamoto yetu ni soko," usimkatize, nyongeza yako iwe: "Mara ya mwisho ulipouza, ilikuwaje tangu mnunuzi alipofika?"

Sasa jambo linaloharibu hata skripti nzuri: kumpelekea mgeni maswali yote mapema. Ataenda kuyakariri, na siku ya kurekodi atasoma kutoka kichwani. Mwambie mada tu: tutazungumzia shamba, hasara na mauzo. Muulize pia kama kuna jambo asilotaka liulizwe, uliheshimu. Na mnapopanga, akianza kusimulia kisa chenyewe, mwombe kwa adabu: "Mama, hilo nitunzie mpaka siku ile." Akishakimaliza, mbele ya kamera utasikia "kama nilivyokwambia juzi," kisha kisa kinatoka nusu.

Ikitokea hivyo, usimlaumu wala usimwambie "rudia." Ingia kwa mlango mwingine: "Siku hiyo ulikuwa na nani?" Atalazimika kuanza upya kwa maneno mapya.

Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi yako na ujaribu kulijibu kila swali kwa neno moja. Ukiweza, liandike upya. Ukishindwa, liache kama lilivyo, andika nyongeza zake mbili, halafu ukaangalie maji yanakupwa saa ngapi, kwa sababu mama wa mwani hatakusubiri yakijaa.