Kutandaza Shali ya Vitobo kwa Waya na Pini

Shali ya sufi ikitoka kwenye sindano huwa imejikunyata, maua yake hayaonekani. Iloweke nusu saa katika maji ya uvuguvugu, kisha ibane ndani ya taulo. Usiisokote.

Sasa tafuta waya nne nyembamba, laini, zisizoshika kutu. Kila ukingo uwe na waya wake, upite katika vitanzi vyote vya pembeni bila kuruka hata kimoja. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu. Ukichoma pini peke yake, kila pini huvuta mahali pake na ukingo unatoka meno meno kama msumeno. Waya huugawanya mvuto.

Tandika shuka juu ya godoro. Shali ya sentimita 90 kila upande ivute pole pole ifike 110, ukichoma pini kwa ndani ya waya, kila sentimita 10. Pima pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo visipolingana, imekaa mshazari. Ng'oa pini, anza tena.

Iache ikauke kabisa, hata siku mbili wakati wa mvua. Iguse kwa shavu: ukisikia ubaridi, bado. Ukiitoa mapema itajikunja tena.