Soketi ya USB kwenye gari: fyuzi ipi?

Swali: Naongeza soketi ya USB ya wati 36 kwa adapta ya fyuzi. Fundi anashauri fyuzi ya ampea 20 ili isikatike ovyo. Ni sawa?

Jibu: Hapana. Fyuzi hulinda waya. Wati 36 ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 3. Ongeza kidogo kwa umeme unaopotea kama joto, kisha weka ya ampea 5. Ukiweka ya 20, waya mwembamba utayeyuka kabla fyuzi haijakatika.

Chomeka adapta kwenye nafasi ya redio, si ya breki wala mifuko ya hewa. Fyuzi ya redio irudishe ileile katika tundu lake kwenye adapta. Halafu ichomoe huku swichi ya gari ikiwa imewashwa: soketi ikizimika, geuza adapta, maana mzigo wa vyote viwili unapita kwenye fyuzi ya redio.