Mzula, Ngata na Jasho: Maswali ya Uso Kutoka Nyandira

Ukishapita Mlali, barabara ya kwenda Mgeta inapanda bila huruma, na watu wa huko wameshazoea kupanda. Kijana anaamka alfajiri kukimbia, anashuka shambani kwenye kabichi na karoti, anarudi mlimani na mzigo kichwani, halafu jioni anaingia uwanjani kucheza mpira. Jasho linamtoka mara tatu kwa siku, tena kwenye baridi. Maswali haya niliulizwa na vijana wa Nyandira waliokuwa wamekaa pembeni ya uwanja baada ya mazoezi. Nayajibu hapa kama tabibu wa ngozi, kwa urefu kuliko nilivyoweza siku ile giza likiingia.

Shikamoo daktari. Tunaambiwa jasho ndilo linaloleta chunusi. Ni kweli?

Marahaba. Jasho peke yake halina kesi kubwa. Ni maji yenye chumvi kidogo, na linatoka kwenye tezi zake lenyewe. Chunusi huota kwingine, ndani ya tundu la kinyweleo, pale mafuta ya ngozi yanapochanganyika na seli zilizokufa yakaziba njia. Bakteria wanaoishi humo wanastawi, ngozi inavimba, kipele kinatokeza.

Jasho linakuja kama msaidizi wa mwingine. Linalowesha ngozi mpaka mdomo wa tundu unavimba na kubana. Linayeyusha mafuta uliyopaka kichwani na kuyateremsha kwenye paji la uso. Halafu linailainisha ngozi ili chochote kinachoisugua kiiumize upesi. Huyo anayesugua ndiye wa kumtafuta, na Mgeta mara nyingi ni mzula.

Mmoja wenu, kijana wa miaka 19, nilimwomba avue mzula wake. Vipele vilikuwa vimejipanga kwenye paji kama mkanda, kuanzia mstari wa nywele hadi pale ukingo wa sufu ulipoishia. Chini ya hapo, mashavu safi kabisa. Kama tatizo lingekuwa jasho tu, mashavu nayo yangeumuka, maana yanatoka jasho vilevile. Nikamuuliza anapaka nini nywele, akasema mafuta ya mgando, asubuhi na jioni. Nikamuuliza mzula unafuliwa lini. Wenzake wakacheka kabla hajajibu.

Waganga wa ngozi wa Marekani waliandika juu ya chunusi za aina hii tangu miaka ya 1970: za msuguano kwa wachezaji waliovaa kofia ngumu na mikanda ya kidevuni, na za mafuta ya nywele zinazofuata mstari wa paji. Huyu wa Nyandira alikuwa nazo zote mbili mahali pamoja.

Ninawe muda gani baada ya kumaliza? Mama anasema ukinawa ukiwa na joto utapata kichomi.

Kichomi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vimelea, hauletwi na kunawa uso. Lakini mama amegusa jambo moja la kweli bila kukusudia: ukinawa wakati mwili bado unachemka, unajifuta, na dakika mbili baadaye umelowa tena. Umepoteza maji na sabuni bure. Tembea kidogo, acha mapigo ya moyo yashuke, jasho likatike. Hiyo ni kama dakika 10 au 15. Kisha nawa. Ukifanya hivyo ndani ya nusu saa hadi saa moja, umefanya vizuri.

Usiingiwe na hofu ukichelewa. Kuna utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2008 ambamo watu walifanya mazoezi hadi wakatoka jasho, wengine wakaoga baada ya saa moja, wengine baada ya saa nne. Chunusi zao za mgongoni na kifuani hazikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Ulikuwa utafiti wa watu wachache na haukuhusu uso, kwa hiyo siufanyi sheria. Unatosha kutuonyesha kwamba kinachoharibu si dakika, ni vitu unavyoendelea kuvivaa katika dakika hizo. Mtu aliyevua mzula uliolowa na kunawa baada ya saa mbili nina imani naye kuliko aliyenawa mara moja kisha akaurudisha kichwani.

Kwa hali ya hewa ya Mgeta kuna mtego. Upepo unakausha jasho haraka mtu akadhani hakutoka jasho. Pitisha kidole kwenye paji ukilambe: ukisikia chumvi, ulitoka.

Kama hakuna maji karibu na uwanja?

Beba kitambaa safi chenye unyevu ndani ya mfuko. Kandamiza usoni, usisugue. Usijifute kwa jezi, hasa jezi ya timu inayopokezanwa.

Maji ya huku ni ya baridi sana. Si ndiyo mazuri, yanafunga vitundu?

Vitundu vya ngozi havina mlango wala msuli wa kuvifunga. Maji ya baridi yanapunguza wekundu na yanaburudisha, basi. Tatizo lake ni mafuta. Umewahi kuosha sahani iliyokuwa na mchuzi wa mbuzi kwa maji ya kijito saa kumi na mbili asubuhi? Mafuta yanaganda, unayasambaza tu. Mafuta ya mgando ya nywele yanafanya vivyo hivyo kwenye paji lako, na ndipo mtu anapochukua dodoki ili asugue kwa nguvu.

Chemsha maji kidogo tu, uchanganye na ya baridi hadi yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Jagi moja la lita linatosha uso. Osha mikono kwanza. Lowesha uso, sugua sabuni viganjani mpaka itoe povu, upake kwa ncha za vidole kwa nusu dakika hivi. Pale watu wanaporuka ni kwenye mstari wa nywele, mbele ya masikio na chini ya taya. Ndiko mafuta na sabuni hubaki. Suuza mpaka ngozi isiteleze. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa ambacho hakikwenda uwanjani.

Natumia sabuni ya mche kwa sababu inakata mafuta kweli. Nanawa mara nne.

Huyu ni yule wa mzula. Inakata mafuta, nakubali, ndiyo maana inang'arisha masufuria. Uso wa mtu una uchachu kidogo, kwenye pH ya 5 hivi. Sabuni za mche ziko karibu na 10. Ukiipaka unavuruga ile ngome nyembamba ya juu inayozuia maji ya mwili yasitoroke. Ngozi inakauka, inawasha, na dawa ya chunusi ukiipaka baadaye inaunguza.

Kipimo ni rahisi. Nawa, usipake kitu, subiri dakika 10. Ukitabasamu ukahisi uso umekakamaa, au ukaona vumbi jeupe pembeni ya pua, sabuni hiyo ni kali kwako hata kama imeandikwa ya uso.

Dukani uliza sabuni ya maji ya kunawia uso isiyo na manukato wala chengachenga za kusugulia. Povu jingi si sifa. Kama iliyopo ni sabuni ya kipande tu, chukua ya kuogea, achana na ya kufulia, uitumie mara moja kwa siku baada ya jasho kubwa. Nyakati nyingine nawa kwa maji. Chupa ya sabuni ya maji inauma mfukoni, najua, lakini kiasi cha punje ya njegere kinatosha kunawa mara moja.

Mara nne ni nyingi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2006, uliwapanga wanaume wenye chunusi wanawe mara moja, mbili au nne kwa siku kwa wiki sita. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa wa mara mbili. Kwa hiyo kunawa kwa baada ya mazoezi kuhesabiwe ndani ya hizo mbili, kusiongezwe juu yake. Siku yenye mbio za asubuhi na mpira wa jioni, hesabu yako imeshatimia.

Vyangu vinawasha, vidogo vidogo, vyote sawa. Ni chunusi hizo?

Pengine siyo. Chunusi za kawaida huchanganyika: vichwa vyeusi, vyeupe, vikubwa, vidogo. Vipele vinavyofanana kama mtama uliomwagwa, vinavyowasha zaidi ukitoka jasho, tena kwenye paji, kifuani na mabegani, mara nyingi ni fangasi anayeishi kwenye vitundu vya vinyweleo. Dawa za kuua bakteria huweza kumpa nafasi zaidi. Shampuu ya ketokonazo hupakwa ikaachwa dakika 5 kisha ikasuuzwa, lakini mwonyeshe mhudumu wa kituo cha afya kwanza. Akisita, ulizia tabibu wa ngozi mjini Morogoro. Wengi wetu tumepita katika kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC, Moshi, kilichoanza 1992, na kazi hii ya kutofautisha vipele ndiyo tuliyofundishwa.

Na sisi tunaobeba kabichi kichwani?

Ngata yako ukiisokota kwa khanga iliyofuliwa, na ukaisogeza nyuma ya mstari wa nywele, paji linapona lenyewe mara nyingi. Ngata ya majani makavu inachubua, iwekee kitambaa.

Kuna krimu mjini inamaliza vipele kwa siku tatu.

Siku tatu ndizo zinazonitisha. Krimu za mkorogo nyingi zina steroidi, nayo kweli inazima uvimbe haraka. Ukiendelea inaleta chunusi zake yenyewe, ukiacha zinalipuka. Limau na dawa ya meno vinaunguza, na ngozi nyeusi ikiungua inaacha doa la miezi.

Kijana wa mzula nilimwanzishia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Ya asilimia 10 haishindi hii kwa kazi, inaishinda kwa kuwasha. Anapaka tabaka jembamba paji lote, si kwenye kipele kimoja kimoja, usiku mmoja anapaka na mwingine anapumzika kwa wiki mbili za mwanzo. Nilimwonya kuwa inachujua rangi za nguo, hivyo shuka jeupe ndilo lake. Mafuta ya mgando aliyaacha, sabuni ya mche ikarudi kwenye kufua.

Wiki ya tatu alilalamika hajaona kitu, na alikuwa sahihi. Dawa hii huhukumiwa wiki ya sita hadi ya nane. Wiki ya nane vipele vipya vilikuwa vitatu. Madoa meusi yalibaki, nayo yatafifia taratibu akiyakinga na jua. Mbio za alfajiri anaendelea nazo. Ana mizula miwili sasa, mmoja kichwani, mwingine kwenye kamba ukikauka.